Robo ya pikseli jangwani: jinsi picha mbili zinavyopima ardhi iliyosogea

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1999, tetemeko la ukubwa wa 7.1 liliipasua ardhi ya jangwa la Mojave, California, katika eneo la Hector Mine. Ufa ulikimbia zaidi ya kilomita 40, na pale ulipofanya kazi kubwa zaidi, pande zake mbili zilipishana kwa kama mita 5. Sehemu kubwa ya njia yake ilipita ndani ya uwanja wa mazoezi ya kijeshi, mbali na makazi ya watu.

Baadaye watafiti wa chuo cha Caltech waliupima ufa huo kwa picha za satelaiti za Kifaransa za SPOT, moja ya kabla ya tetemeko na nyingine ya baada yake, wakatoa matokeo mwaka 2007. Tatizo linaonekana mara moja. Pikseli moja ya picha hizo inafunika mita 10 za ardhi. Kama pande zimepishana kwa mita 5, basi tuseme kila upande umesogea mita mbili na nusu, yaani robo ya pikseli. Ukiziweka picha hizo mbili kando kwa kando na kuzikodolea macho hadi jioni, hutaona kitu. Hata hivyo mwendo ulipatikana. Njia iliyotumika ni ya familia ya ulinganishaji wa awamu, ambayo Kuglin na Hines waliieleza mwaka 1975.

Kuielewa hakuhitaji jangwa. Mstari wa pikseli nne unatosha, na hesabu yake inafanyika kwa kalamu.

Tuseme mwangaza wa pikseli hizo ni 5, 1, 2, 0. Zisogeze zote hatua moja kulia, na ile iliyodondoka mwishoni irudishwe mwanzo. Sasa tuna 0, 5, 1, 2. Mtu akikupa mistari hiyo miwili bila maelezo, utajuaje kwamba wa pili ni wa kwanza uliosogea, na kwamba umesogea hatua moja?

Fourier, mwanahisabati wa Kifaransa, alionyesha kwamba mfululizo kama huo unaweza kuvunjwa kuwa mawimbi. Pikseli nne zinatoa mawimbi manne. Wimbi la sifuri ni jumla tu ya mwangaza, yaani 8. Wimbi la kwanza linapanda na kushuka mara moja katika urefu wote wa mstari, la pili mara mbili, na la tatu ni pacha wa lile la kwanza anayezunguka kinyume. Kila wimbi lina mambo mawili: nguvu yake, na awamu yake, yaani pembe inayoonyesha linaanzia wapi. Ifikirie awamu kama mshale wa saa, na nguvu kama urefu wa mshale huo.

Ukikokotoa nguvu za mstari wetu wa kwanza utapata 8, 3.16, 6 na 3.16. Za mstari wa pili? Ni 8, 3.16, 6 na 3.16. Hazikubadilika hata chembe. Kusogea kote kumejificha kwenye mishale: wa wimbi la sifuri umetulia, wa kwanza umegeuka nyuzi 90, wa pili nyuzi 180, wa tatu nyuzi 270. Angalia mpangilio huo: 0, 90, 180, 270. Pembe inaongezeka kwa kiasi kilekile kila tunapopanda wimbi moja, na kiasi hicho ndicho jibu. Kama mstari ungesogea hatua mbili, ongezeko lingekuwa nyuzi 180 kila mara.

Kinachobaki ni kuzitoa tofauti hizo za pembe kwa hesabu moja. Mawimbi huandikwa kwa namba changamano, na namba hizo zikizidishwa, nguvu zao huzidishana na pembe zao hujumlishwa. Basi tunachukua mawimbi ya mstari wa pili, G, na kuyazidisha na yale ya wa kwanza, F, baada ya kuzigeuza pembe za F kinyume. Pembe za zao hilo ni tofauti tupu kati ya mistari miwili. Hiyo ndiyo spektra ya nguvu mtambuka. Katika mfano wetu nguvu zake ni 64, 10, 36 na 10.

Ukiishia hapo na kurudi kutoka mawimbi hadi pikseli, utapata 7, 30, 7, 20. Namba kubwa, 30, iko kwenye nafasi ya hatua moja, kwa hiyo jibu ni sahihi. Lakini 20 iko karibu mno nyuma yake, na kelele kidogo kwenye picha ingeweza kuwabadilishia nafasi. Sababu ni kwamba mawimbi yenye nguvu yanapiga kelele kuliko mengine, ilhali nguvu, kama tulivyoona, haisemi lolote kuhusu kusogea.

Hapa ndipo ujanja wote ulipo. Gawanya kila wimbi la spektra hiyo kwa nguvu yake lenyewe, ili mishale yote iwe na urefu wa 1 na ibaki pembe peke yake:

```
R = G·F* / |G·F*|
```

Nyota inaonyesha pembe zilizogeuzwa kinyume. Sasa rudi kwenye pikseli: 0, 1, 0, 0. Kilele kimoja kinasimama kwenye hatua moja, na kwingine kote ni sifuri.

Usawazishaji huo unaleta faida nyingine ambayo wapima ardhi wanaihitaji sana. Picha mbili za mahali pamoja hazilingani mwangaza hata siku moja. Jua limebadilika, au hewa ina vumbi. Ongeza 3 kwenye kila pikseli ya mstari wetu wa pili, uwe 3, 8, 4, 5. Wimbi la sifuri linaruka kutoka 8 hadi 20, lakini mengine hayaguswi, na baada ya kugawanya kwa nguvu hata hilo la sifuri linarudi kuwa 1. Jibu ni lilelile. Zidisha mwangaza wote mara mbili, bado ni lilelile.

Kwa picha kamili mambo hayabadiliki, ila mawimbi yanakwenda pande mbili na kilele kinatoa namba mbili, ya kulia-kushoto na ya juu-chini. Wala si kazi nzito. Kulinganisha picha mbili za pikseli 256 kwa 256 kwa kujaribu kila mkao mmoja mmoja kungehitaji zaidi ya bilioni 4 za kuzidisha. Kwa mgeuzo wa haraka wa Fourier, uliotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, kazi hiyo inashuka hadi milioni chache.

Turudi Mojave. Picha nzima haina mwendo mmoja, kwa sababu upande mmoja wa ufa umekwenda huku na mwingine kule. Kwa hiyo kazi hufanyika kwa vipande. Chukua kipande cha pikseli 32 kwa 32, sawa na mita 320 za ardhi, ukipime, kisha sogea kidogo ukapime kingine. Katika kipande cha upana huo, kusogea pikseli moja nzima hugeuza mshale wa wimbi la kwanza nyuzi 11.25. Robo ya pikseli huugeuza nyuzi 2.8, wa pili nyuzi 5.6, wa tatu 8.4, na kuendelea. Kila pembe peke yake ni ndogo na ina makosa, lakini zote lazima zilale kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mteremko wa mstari unaopita katikati ya mamia ya pembe unaweza kujulikana kwa usahihi mkubwa. Hivyo ndivyo robo ya pikseli inavyopimika. Ukichora majibu ya vipande vyote kwenye ramani, ufa unajitokeza kama mpaka ambapo mwendo unabadilika ghafla.

Lakini si kila kinachosogea kwenye picha kimesogea ardhini. Satelaiti ikipita mahali tofauti, vilele vya milima huonekana vimehama kwa sababu ya pembe ya kutazama tu. Ndiyo maana programu ya watafiti hao, COSI-Corr, huzinyoosha kwanza picha kwa kutumia ramani ya miinuko kabla ya kulinganisha chochote. Vivuli navyo hudanganya, kwa hiyo ni heri picha zilizopigwa msimu mmoja. Mojave ilisaidia kwa ukame wake. Kwenye shamba lililolimwa kati ya picha ya kwanza na ya pili, hakuna cha kulinganisha.

Hesabu yenyewe pia ina kasoro zake. Mfano wetu ulikuwa na bahati: pikseli iliyotoka mwishoni iliingia mwanzoni. Picha halisi haizunguki hivyo. Ukingo wake wa kushoto haufanani na wa kulia, na mgeuzo wa Fourier huuona mshono huo kama ukuta mkali. Kwa kuwa mshono uko mahali palepale katika picha zote mbili, unatoa kilele cha uongo kwenye sifuri. Dawa yake ni kufifisha kingo polepole kabla ya kuanza, kwa dirisha kama la Hann. Uchafu kwenye lenzi hutoa kilele hichohicho cha sifuri, na huo dirisha haliuondoi. Mzunguko huohuo ndio unaofanya kilele kilicho kwenye nafasi ya 250 kati ya 256 kisomwe kama hatua 6 za kurudi nyuma.

Kasoro ya pili inatokana na ujanja wenyewe. Ukiyapa mawimbi yote sauti sawa, umeyapa hata yale dhaifu ambayo hayana ila kelele. Kwenye picha yenye ukungu au chenga nyingi, hayo ndiyo mengi, na kilele huzama. Hapo ni bora kuyaacha nje mawimbi yenye nguvu ndogo mno, jambo linaloepusha pia kugawanya kwa sifuri. Picha ikiwa imezungushwa au kukuzwa, njia hii peke yake haifai. Reddy na Chatterji walionyesha mwaka 1996 namna ya kugeuza kwanza mzunguko na ukuzaji kuwa kusogea.

Anayetaka kujaribu atazikuta kazi hizi tayari kwenye Python: `cv2.phaseCorrelate` ya OpenCV na `phase_cross_correlation` ya scikit-image. Anza kwa kuisogeza picha yako mwenyewe kwa pikseli unazozijua, uone alama ya kujumlisha au kutoa inaelekea upande gani, maana ikiwa picha zimebadilishana nafasi jibu hugeuka. Kisha usikubali jibu lolote bila kuangalia kilele. Hesabu hii hutoa namba hata ukiipa picha ya mbuzi na picha ya bahari. OpenCV hurudisha kipimo cha nguvu ya kilele pamoja na jibu: kikikaribia 1, picha zimekubaliana, kikiwa karibu na sifuri, litupe jibu hilo hata kama linapendeza.