Hasara inayojificha nyuma ya delta

Thamani iliyo hatarini, ambayo katika benki nyingi huitwa VaR, ni kiwango cha hasara kisichotarajiwa kuvukwa katika siku 99 kati ya 100. Hasara tarajiwa ya mkiani huanzia pale VaR inapoishia: siku hiyo moja mbaya ikifika, kwa wastani hupotea kiasi gani? Kwa hisa za kawaida vipimo hivi viwili hukaribiana. Kwa opsheni vinaweza kuachana sana, na anayekokotoa kwa njia ya mkato hatauona mwachano huo.

Njia hiyo ya mkato ni delta, yaani kiasi ambacho bei ya opsheni hubadilika bei ya msingi ikisogea kwa pointi moja. Mkokotoaji huchukua delta ya leo, huizidisha kwa mshuko mkubwa wa soko unaodhaniwa, na jibu likapatikana bila kukadiria upya bei ya opsheni hata moja.

Chukua mfanyabiashara aliyeuza opsheni 1,000 za kuuza. Faharisi ya hisa iko pointi 1,000, bei ya makubaliano ni 900, zimebaki siku 30, na mtikisiko wa soko ni asilimia 20 kwa mwaka. Kila pointi ina thamani ya dola moja, na riba haihesabiwi. Kwa kanuni ya Black na Scholes, ada aliyopokea ni kama dola 710. Delta ya kila opsheni ni 0.031 tu, kwa hiyo faharisi ikishuka pointi moja, jalada lote hupoteza dola 31.

Kwa mtikisiko huo, mshuko wa siku moja unaotarajiwa kuvukwa mara moja katika siku 100 ni takriban pointi 29. Delta inasema VaR ni dola 910. Lakini opsheni zikikadiriwa upya faharisi ikiwa pointi 971, hasara ni karibu dola 1,640. Sababu ni kwamba delta yenyewe haikutulia: kadiri faharisi ilivyoikaribia 900, ilipanda kutoka 0.031 hadi karibu 0.09. Kila pointi iliyofuata iliuma kuliko iliyotangulia, ilhali hesabu ya mkato ilizitoza zote bei ya pointi ya kwanza.

Hasara tarajiwa ya mkiani hupotoshwa zaidi. Delta ikiunganishwa na dhana kwamba mabadiliko ya soko hufuata mgawanyo wa kawaida, kipimo hiki huwa VaR ikizidishwa kwa takriban 1.15, basi. Hapa ni dola 1,040, wakati ukadiriaji kamili unatoa zaidi ya 2,000. Kipimo kilichobuniwa kuchungulia mkiani kinageuka nakala ya VaR.

Sasa soko lianguke kwa asilimia 7 kwa siku moja. Delta inatabiri hasara ya dola 2,170. Ukadiriaji upya unatoa kama 8,550. Kuongeza gama, yaani kasi ya kubadilika kwa delta, husaidia lakini hakutoshi: hupatikana kama 5,160, kwa kuwa gama nayo hukua njiani. Tena soko likianguka hivyo, mtikisiko hautulii kwenye asilimia 20. Ukiruka hadi 40, hasara hufika takriban dola 27,800, zaidi ya mara kumi na mbili ya makadirio ya delta, kwa ajili ya ada ya dola 710.

Mshuko wa namna hiyo si wa kubuni. Tarehe 27 Oktoba 1997 faharisi ya S&P 500 ilishuka kwa karibu asilimia 7. Victor Niederhoffer, meneja wa mifuko ya uwekezaji Marekani, alikuwa ameuza opsheni nyingi za kuuza zenye bei za makubaliano zilizo mbali chini ya soko. Alishindwa kuweka dhamana ya ziada iliyodaiwa, na mifuko yake ikafungwa.

Ugumu ni kwamba kuhesabu siku ambazo hasara ilipita VaR hakufichui kasoro hii mapema. Muuzaji wa opsheni anaweza kumaliza mwaka bila kuvuka hata mara moja. Dalili ya mapema zaidi ni pengo la kila jioni kati ya faida au hasara iliyotabiriwa na delta na ile iliyotokea: likielemea upande wa hasara kila soko linaposogea sana, jalada lina mpindo ambao delta haiuoni. Ndiyo maana vitengo vya hatari hukadiria upya jalada zima kwenye jedwali, bei zikishushwa na kupandishwa huku mtikisiko nao ukibadilishwa. Mwaka 2016 Kamati ya Basel iliamua kuacha VaR na kutumia hasara tarajiwa ya mkiani ya asilimia 97.5 katika mtaji wa hatari za soko. Hata hivyo, katika rekodi ya siku 250 wastani huo hutegemea siku kama sita tu, na benki iliyozipitisha kwenye delta itabaki na hesabu ile ile pungufu.