Nywele Zinapojaa Wakati wa Ujauzito

Kuanzia mwezi wa nne au wa tano wa ujauzito, wanawake wengi husikia msusi akisema nywele zimejaa. Ukweli ni kwamba hazijaota nyingi zaidi, zimeacha kudondoka. Kwa kawaida kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hung'oka, na mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Homoni ya estrojeni, inayopanda mimba inapokua, huziweka nywele nyingi katika hatua ya kukua. Kwa baadhi ya wanawake hata aina ya nywele hubadilika: za kipilipili hulegea, laini huwa kavu.

Mtoto akizaliwa, homoni hiyo hushuka ghafla. Nywele zilizokuwa zinasubiri huingia mapumziko kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne hutoka kwa mafungu kwenye kitana. Mama huogopa na kulaumu mafuta au kunyonyesha, ilhali nywele hizo hurudi zenyewe, kwa wengi kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Sasa mchukue mama wa miezi mitano aliyezoea kuweka dawa ya kunyoosha kila baada ya miezi miwili. Haijathibitishwa kwamba dawa hiyo humdhuru mtoto, lakini ina kemikali kali, na ngozi ya kichwa ikiungua hupitisha vitu ambavyo ngozi nzima ingevizuia. Ushauri wangu ni aiache hadi ajifungue. Nywele mpya zikikutana na zile zenye dawa, hukatika hapo zinapoungana, kwa hiyo azichane zikiwa na maji na kondishena, kwa kitana cha meno mapana, kuanzia nchani. Asuke mabutu au twende kilioni bila kukaza: kipele au maumivu kwenye paji la uso ni dalili kwamba msuko umebana, na ufumuliwe siku hiyohiyo.

Ninachokikataa kabisa ni kunyoosha kwa keratini yenye fomaldehaidi. Pasi ya nywele ikiipasha moto, hutoa mvuke unaochoma macho na koo, na mjamzito huuvuta hata akiwa amekaa kiti cha jirani. Soma kopo: methilini glaikoli ni kemikali hiyohiyo kwa jina jingine. Piko nayo mara nyingi huwa na rangi ya kemikali inayoweza kubabua ngozi. Hina halisi ya majani, isiyochanganywa na kitu, ni salama zaidi. Shampuu isiyo na manukato na mafuta ya nazi kidogo vinatosha.

Nywele zikidondoka kwa wingi ukiwa bado mjamzito, au zikiacha mabaka ya upara, mweleze mkunga kliniki, upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo.