Shati la kupimisha kwa mbali

Fundi cherehani anayeshona mashati kwa wateja wa mbali hupokea namba tu. Mteja yuko Mwanza, fundi yuko Dar es Salaam, vipimo vinakuja kwa simu na shati linarudi kwa basi. Kwa hiyo jambo la kwanza katika tangazo lake si bei wala mitindo. Ni swali: namba hizo zimepimwa mwilini au kwenye shati?

Tofauti ni kubwa. Mwanamume mwenye kifua cha inchi 40 havai shati la inchi 40, kwa kuwa asingeweza kuvuta pumzi wala kunyoosha mkono. Shati la kawaida huachiwa nafasi ya inchi 4 hivi, likawa 44. Mteja huyo akipima shati lake la zamani, akapata 44, kisha akaandika tu “kifua 44”, fundi atadhani ni mwili na kukata 48. Akipima mwili akapata 40, naye fundi akadhani ni kipimo cha shati, vifungo havitafikiana.

Makosa hayo mawili hayalingani uzito. Shati la 48 hubanwa ubavuni, inchi moja mbele na moja nyuma kila upande, mikono ikaingizwa pamoja nalo. La 40 halina dawa. Mshono wa ubavuni ukiwa na akiba ya nusu inchi, fundi anaweza kuachia robo tu kila ukingo, na kingo ni nne: jumla inchi moja, ilhali zinatakiwa nne. Ndiyo maana mafundi wengi wa mbali huomba vipimo vya shati linalomkaa mteja vizuri, wakiongeza kifua na tumbo la mwilini kwa kuhakiki.

Shati hilo hulazwa mezani likiwa limefungwa vifungo vyote na kunyooshwa bila kuvutwa. Kifua hupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, inchi moja chini ya mshono wa mkono, kisha kuzidishwa kwa mbili. Mabega hupimwa mgongoni, mshono hadi mshono. Urefu wa mkono huanzia mshono wa bega hadi mwisho wa kafu, na urefu wa shati huanzia chini ya kola nyuma. Kola hufunguliwa ikalala, ikapimwa kutoka katikati ya kifungo hadi mwisho wa tundu. Picha ya futi ikiwa juu ya shati huokoa maneno mengi, hasa kwa anayechanganya upande wa inchi na wa sentimita.

Kitambaa nacho huingia katika hesabu. Pamba tupu hurudi ikifuliwa. Ikirudi kwa asilimia 3, kola ya inchi 16 hupungua karibu nusu inchi, na koo hulihisi hilo mara moja. Fundi makini huloweka pamba na kitani, akakausha na kupiga pasi kabla ya kukata. Anayetuma kitambaa chake aulize kama hilo litafanywa. Tetroni, mchanganyiko wa pamba na poliesta, hairudi sana wala haijikunji ovyo, lakini kwa joto la pwani hubana jasho. Kitani hupitisha hewa kuliko vyote, ila hukunjamana mteja akikaa tu kwenye daladala. Kitenge cha upana wa inchi 45 huhitaji yadi 2 na nusu hadi 3 kwa shati la mikono mirefu, na zaidi kidogo kama maua makubwa yanatakiwa yakutane sawasawa kifuani.

Shati likifika, lisifuliwe kwanza. Mteja alivae, afunge vifungo, ashushe mikono na apigwe picha mbele, ubavuni na nyuma. Mikunjo ndiyo inayosema. Inayotoka kifungoni kuelekea ubavuni yaonyesha kubana. Inayoshuka kimshazari kutoka shingoni hadi kwapani yaonyesha mabega yaliyoinama kuliko shati lilivyokatwa. Fundi hushusha ncha ya nje ya mshono wa bega, na kwapa likashuka kwa kiasi kilekile. “Halijanikaa” halimsaidii fundi. “Bega la kulia limezidi nusu inchi” linamtosha.

Bega pana hupunguzwa kwa kuutoa mkono na kuurudishia ndani zaidi, lakini bega jembamba halipanuliwi. Kola inayobana husaidiwa kwa kusogeza kifungo kidogo tu, la sivyo hushonwa nyingine, ikiwa kipande cha kitambaa kimebaki. Kwa shati la kwanza, baadhi ya mafundi hulipiga bandi tu na kulituma hivyo, kisha huweka mshono wa kudumu baada ya kuziona picha. Nauli ya basi hulipwa mara tatu, lakini kitambaa cha gharama hakiharibiki.