Mfululizo usiokwisha, jumla yake 2

Katika karne ya 14, msomi Mfaransa Nicole Oresme alijumlisha mfululizo usio na mwisho: 1/2 + 2/4 + 3/8 + 4/16 na kuendelea. Juu ni n, chini ni 2ⁿ.

Je, jumla hiyo ina kikomo? Kipimo cha uwiano hugawanya kila namba kwa iliyoitangulia. Hapa jibu ni (n+1)/2n: kwanza 1, kisha 3/4, kisha 2/3, likisogelea 1/2. Kwa kuwa 1/2 ni chini ya 1, kikomo kipo. Uwiano ungesogelea 1 kamili, kipimo kisingetoa jibu lolote.

Sasa jumla yenyewe, J. Izidishe kwa 2:

2J = 1 + 2/2 + 3/4 + 4/8 + …

Ukitoa J, ukioanisha namba zenye asili moja, hubaki 1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 + …, yaani 2. Namba kumi za kwanza zinafikia takriban 1.988.

Hatua ya kwanza hairukwi. Ukifanyia ujanja huohuo 1 + 2 + 4 + 8 + …, utapata −1, jambo lisilowezekana kwa namba chanya tupu.