Namba tatu zinazotosha

Chukua matriksi hii ya tatu kwa tatu:

```
2 1 0
1 3 1
0 1 2
```

Polinomia yake ya sifa hupatikana kwa hesabu ndefu yenye x kila mahali, na hapo ndipo alama za kutoa hupotea. Njia ninayoipenda haina x hadi mwisho.

Kwanza jumlisha namba za ulalo: 2 + 3 + 2 = 7.

Pili, futa safu mlalo moja pamoja na safu wima yenye nambari ileile, kisha tafuta detaminanti ya kipande kinachobaki. Ukifuta ya tatu unapata 2×3 − 1×1 = 5. Ukifuta ya kwanza, 5 tena. Ukifuta ya katikati, zinabaki namba nne za pembeni: 2×2 − 0×0 = 4. Hiki ndicho kipande wengi hukisahau, kwa sababu namba zake hazikukaa pamoja. Jumla ni 14.

Tatu, detaminanti ya matriksi nzima: 2×5 − 1×2 = 8.

Sasa panga, alama zikipishana:

x³ − 7x² + 14x − 8

Mizizi yake ni 1, 2 na 4. Jumla yake ni 7, zidisho lake 8, na ukizidisha mbilimbili, 2 + 4 + 8 ni 14.

Ungesahau kipande cha pembeni, ungeandika 10x. Kujikagua, punguza 1 kwenye kila namba ya ulalo: safu mlalo ya kati inakuwa jumla ya zile mbili nyingine, hivyo detaminanti ni sifuri. Basi x = 1 lazima iipe polinomia sifuri; yenye 10x inatoa −4.