Utangulizi: Jiwe la Radi Kabatini

Wengi huanza masomo ya makumbusho wakitarajia kusikia habari za vitu. Mimi nitawachosha na habari za rafu: kitu kiliwekwa wapi, kando ya kipi, na mtazamaji akaelewa nini. Tuanzie Kopenhagen, Denmark, kwenye vyumba viwili.

Cha kwanza ni cha tabibu Ole Worm. Orodha ya vitu vyake ilichapwa 1655, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ikiwa na mchoro maarufu wa chumba kilichosheheni magamba ya kobe, pembe na wanyama waliokaushwa. Usimdharau Worm kwa kukusanya maajabu. Mwaka 1638 alionyesha kwamba ile "pembe ya farasi wa ajabu", iliyouzwa kwa bei kubwa kama dawa ya sumu, ni jino la mnyama wa baharini. Ila kazi za mikono ya watu alizipanga kwa malighafi zake: za udongo pamoja, za mawe pamoja, za chuma pamoja. Katika vyumba vya zama hizo, shoka la jiwe liliweza kulala kati ya mawe ya kawaida, maana wengi waliamini kuwa limeshuka na radi. Aliyelitazama pale hakuwa na sababu ya kuuliza nani alilichonga, wala lini.

Chumba cha pili kilikuwa darini mwa kanisa la Utatu. Christian Jürgensen Thomsen, mwana wa mfanyabiashara, alikabidhiwa mambo ya kale ya nchi mwaka 1816, na mwaka 1819 akawafungulia watu mlango. Naye alitenga jiwe, shaba iliyochanganywa na bati, na chuma. Utasema basi karudia ya Worm. Lakini Thomsen aliuliza jambo moja zaidi: vitu gani vilitoka katika kaburi moja? Vilivyozikwa pamoja vilikuwa vikitumika wakati mmoja. Akiona panga la shaba lenye nakshi fulani halikutwi na chuma, alikuwa na dalili ya umri wake. Pambo la shaba lililokutwa na chuma alilipeleka kwenye zama za chuma, hata kama lenyewe halina chuma. Hivyo mtu akitembea kabati hadi kabati alikuwa anatembea katika wakati. Mpango huo aliuchapisha 1836, nao ndio uliotupa Zama za Mawe, za Shaba na za Chuma.

Njia hii hufa pale mchimbaji anapouza panga huku, shanga kule. Kabati likibaki na kitu kizuri kisicho na jirani yake wa kaburini, hakuna tena cha kulinganisha.

Tena, mpango ule ulitokana na makaburi ya Denmark. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara ilitoka kwenye jiwe ikaingia kwenye chuma bila zama za shaba katikati. Ukilileta kabati la Thomsen huku, rafu ya kati itabaki tupu, na mgeni atadhani waliopungukiwa ni watu, kumbe kabati lilipimwa kwingine.