Tazama Linapofunguka: Kutofautisha Thobe, Jalabia na Abaya

Fundi cherehani wa Nkende, mjini Tarime, akiletewa kitambaa cheupe na kuambiwa "nishonee kanzu", hana budi kuuliza jambo moja kabla ya kushika mkasi: ya wapi? Katika mji huohuo kanzu huvaliwa na Mwislamu anayekwenda kuswali Ijumaa, na huvaliwa na padri. Kanzu ya padri yenye vifungo vingi hufunguka mbele yote, kutoka shingoni hadi miguuni. Ya msikitini huishia kufunguka kifuani. Ukishapasua kitambaa mbele yote, kuyabadili hayo hakuwezekani bila mshono wa kiraka katikati ya vazi.

Ndiyo maana atakaye kuyajua mavazi haya vizuri asianze na rangi. Thobe nyeupe zipo, na za kahawia na kijivu zipo. Abaya nyeusi ni nyingi, lakini si zote. Aanze na mahali vazi linapofungukia, kisha atazame mkono, kisha upana wa chini. Uwazi wa vazi hueleza linavyovaliwa: peke yake juu ya nguo za ndani, au juu ya nguo nyingine kamili.

Tuanze na thobe, vazi la mwanamume, ambalo kwetu huitwa kanzu. Huvaliwa kwa kupitishia kichwani, kwa hiyo ufa wake ni mfupi, hufika kifuani tu, na hufungwa kwa vifungo. Mkono ni mrefu hadi kwenye kifundo cha mkono, na mdomo wake ni mwembamba. Ya Saudia mara nyingi ina kola iliyosimama kama ya shati, na baadhi zina kafu za kufunga kwa kifungo. Ya Omani haina kola; shingo ni ya duara, na pembeni huning'inia kishada kidogo cha nyuzi ambacho wengi hukitia manukato. Kanzu ya Zanzibar na ya pwani yote inafanana zaidi na hiyo ya Omani, na uzuri wake hukaa kwenye darizi ya shingo na kifua, inayoshonwa kwa mkono na fundi mwenye subira.

Mafundi wa pwani wana majina ya vipande vyake, na vipande hivyo ndivyo vinavyolifanya vazi likae sawa. Badani ni kipande cha mbele na cha nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini. Kikwapa ni kipande kidogo cha mraba kinachoingizwa chini ya kwapa. Kaba ni bitana ya shingo.

Chukua mteja mwenye kifua cha sentimita 100, na urefu wa sentimita 140 kutoka begani hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kitambaa kina upana wa sentimita 150. Kata badani mbili zenye upana wa 52 kila moja, na urefu wa 145 ili ubaki na pindo. Upande wa kitambaa uliobaki, sentimita 46, unatosha taharizi mbili zenye 12 juu na 30 chini, ukizilaza moja ikitazama juu na nyingine chini. Baada ya kutoa mishono, kifua cha kanzu kinakuwa sentimita 120, yaani nafasi ya 20 kwa mwili kupumua, na chini panazunguka kama mita moja na nusu. Mikono miwili, kikwapa na kaba hutoka kwenye sentimita 65 zinazofuata. Jumla ni mita 2.1, nunua mita 2.5, kwa sababu pamba hupungua maji yanapoigusa.

Kikwapa ndicho kinachorukwa na mafundi wenye haraka. Kosa hilo halionekani kanzu ikiwa imetundikwa. Huonekana pale mvaaji anapoinua mikono kwa takbira: kanzu nzima hupanda juu pamoja na mikono, na baada ya muda mshono wa kwapani huachia. Anayenunua iliyo tayari aivae, anyanyue mikono hadi masikioni, kisha ainame kama anayerukuu. Pindo lisipopanda sana wala mgongo kubana, ukataji ni mzuri.

Jalabia inatokana na mavazi ya bonde la Mto Nile, Misri na Sudani, na ukataji wake ni wa ukarimu. Haina kola. Shingo imechongwa kwa upana, na ufa wake hushuka kifuani, mara nyingi bila kifungo hata kimoja. Mkono hupanuka kadiri unavyoshuka na mdomo wake huachwa wazi. Chini panaweza kuzunguka zaidi ya mita mbili, ndiyo maana zile mita 2.5 za kanzu haziitoshi. Panga mita tatu na nusu au zaidi. Upana huo huruhusu hewa kupita na mtu kufanya kazi au kuketi chini kwa stara. Huku kwetu na katika nchi za Ghuba, jalabia ni pia jina la vazi la mwanamke, lililodariziwa kifuani na mikononi, la kuvaa nyumbani na kupokelea wageni. Yenye kofia nyuma ya shingo ni ya Moroko, nayo ina ukataji wake.

Abaya ni ya mwanamke, na tofauti yake kubwa ni kwamba huvaliwa juu ya nguo nyingine. Kwa hiyo inaweza kufunguka mbele yote, kwa vifungo vya kubana au mkanda, au isifunguke kabisa. Begani na kwapani panahitaji nafasi ya gauni lililo ndani. Anayepimwa apimwe akiwa amevaa gauni hilo. Katika pwani yetu abaya ilitanguliwa na buibui, lililoenea Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, nalo lilifunika kuanzia kichwani. Abaya nyingi za leo huanzia mabegani, na mtandio huvaliwa peke yake. Mkono mpana unapendeza, lakini huteremka hadi kwenye kiwiko mkono ukiinuliwa. Wengi wanaojali stara huvaa mikono ya ndani inayobana, au humwomba fundi atie lastiki.

Mwisho ni kitambaa. Abaya hutaka kinachoning'inia bila kushika mwili: nida ni laini na nyepesi, krepu ina chembechembe na uzito zaidi. Asubuhi za Tarime ni za baridi, na krepu huwafaa wengi. Kanzu nyeupe nyepesi iliyofumwa kwa ajili ya joto la Ghuba huonyesha ndani. Ingiza kiganja chini ya kitambaa kwenye mwanga wa jua, na ukiona vidole, mvaaji atahitaji kikoi na fulana ndani. Kujua kama ni pamba au polista, choma uzi mmoja. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu; polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ikiwa ni pamba, iloweke usiku mmoja na uikaushe kabla ya kupima. Kanzu iliyokatwa kutoka pamba isiyolowekwa hutoka dukani ikifika kifundoni, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza huwa imepanda kwenye muundi.